Kumbi za sherehe: Namna ya kuzuia Jumamosi moja isiuzwe mara mbili

Mwenye ukumbi wa sherehe jijini Dar es Salaam ana bidhaa moja tu yenye bei nzuri, nayo ni Jumamosi. Mwaka mzima una Jumamosi 52. Ukiondoa zile za mwezi wa Ramadhani na zile za Kwaresima, ambapo harusi huwa chache mno, zinazobaki sokoni ni arobaini na kitu. Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilianza kwa kupishana siku chache tu mwanzoni mwa Machi. Inapotokea hivyo, kamati za harusi hurundikana kwenye Jumamosi zinazofuata Pasaka na Idi, na simu za mapokezi hazipumui.

Katika msongamano wa namna hiyo ndipo linapozuka tatizo la tarehe moja kuuzwa kwa wateja wawili. Wengi hudhani hiyo ni tamaa ya mwenye ukumbi. Tamaa ipo, lakini hesabu yake haina faida. Chukulia ukumbi unaokodishwa kwa shilingi milioni 3 kwa usiku mmoja, malipo ya awali yakiwa milioni 1. Mmiliki aliyepokea milioni 1 kutoka kwa kamati mbili hana mapato ya milioni 6 mbele yake. Ana mapato ya milioni 3 na deni. Kamati moja lazima arudishiwe milioni yake. Ikiwa zimebaki wiki tatu, ukumbi mwingine wa hadhi hiyo huenda ukapatikana kwa milioni 4 na nusu, na tofauti ya milioni 1 na nusu itadaiwa kwake. Kadi 300 zilizokwisha kuchapwa zikiwa na jina la ukumbi, kwa shilingi 1,500 kila moja, ni 450,000 nyingine. Karibu milioni 2 zimetoka katika pato la milioni 3, kabla ya umeme, ulinzi na usafi.

Wala mmiliki hawezi kujitetea kwamba hapakuwa na karatasi iliyotiwa saini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kwamba makubaliano ya kukodi ukumbi kwa usiku mmoja ni lazima yawe ya maandishi, na kifungu chake cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. "Ndiyo, ipo wazi, tumewapa" iliyotamkwa na karani wa mapokezi kwenye simu inaweza kumfunga bosi wake, maana karani huyo amewekwa pale kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa tarehe huuzwaje mara mbili katika ofisi yenye watu waaminifu? Tuseme ukumbi una wapokeaji oda watatu: karani wa mapokezi mwenye simu ya ofisi, mhasibu anayejibu ujumbe wa WhatsApp, na mwenye ukumbi mwenyewe, ambaye namba yake ya mkononi inajulikana na nusu ya mji. Kaunta buku ya oda iko mapokezi.

Jumatatu saa nne asubuhi mwenyekiti wa kamati ya kwanza anapiga simu akiulizia Jumamosi ya Desemba 12. Karani anafungua kaunta buku, anakuta siku hiyo haina jina, anajibu kwamba ipo wazi na kwamba waje Jumatano na malipo ya awali. Haandiki kitu, kwa sababu hakuna fedha iliyolipwa. Saa tisa alasiri mteja wa pili anamwandikia mwenye ukumbi. Mwenye ukumbi, kwa busara kabisa, anapiga simu mapokezi na kuuliza kama Desemba 12 ipo. Karani anaangalia tena na kusema ipo. Jumanne usiku mteja wa pili anatuma milioni 1 kwa M-Pesa kwenye namba ya mwenye ukumbi, naye anajibu "imepokelewa, asante", akiwa na nia ya kuwaambia ofisini kesho. Kesho yake yuko safarini. Jumatano saa tano kamati ya kwanza inaingia na fedha taslimu, karani anafungua kaunta buku, siku bado ni nyeupe, anaandika jina na kukata risiti.

Katika mkasa huu kaunta buku iliangaliwa mara tatu na kila mara ilisema kweli kama ilivyoijua. Kwa hiyo agizo ambalo wamiliki wengi hulitoa baada ya aibu ya kwanza, yaani "kila mtu aangalie kitabu kabla ya kujibu", halitibu ugonjwa huu. Kasoro imo katika muda uliopita kati ya kuangalia na kuandika. Muda huo ukiwa dakika mbili, hatari ni ndogo. Ukiwa siku mbili, kama hapa, tarehe iko uwanjani na yeyote anaweza kuiokota.

Dawa yake ni kuufuta muda huo. Anayeangalia ndiye anayeandika, papo hapo, simu ikiwa bado sikioni. Mteja akiuliza Desemba 12 na akaonyesha kwamba anaihitaji, jina lake na namba yake ya simu huingizwa kwa penseli kabla ya kuambiwa kwamba ipo. Penseli maana yake ni kwamba tarehe imeshikwa lakini haijalipiwa. Malipo ya awali yakiingia, jina linapitiwa kwa kalamu ya wino. Ofisi inabaki na hali tatu tu: nyeupe, penseli, na wino.

Penseli ina adui wake, nao ni wateja wanaoshika tarehe kumbi nne kwa mpigo huku kamati bado inabishana. Bila mipaka, kitabu kitajaa penseli na mwenye ukumbi atafukuza wateja wa kweli. Kwa hiyo kila penseli huandikiwa siku na saa ya kuisha. Kwa tarehe iliyo mbali miezi kadhaa, saa 48 zinatosha kamati kukusanya malipo ya awali. Kwa tarehe iliyo ndani ya mwezi mmoja, mwisho uwe saa kumi na moja jioni ya siku hiyo hiyo. Lisilosemwa kwa mteja halina nguvu, hivyo masharti hayo hutumwa kwa ujumbe mara simu inapokatwa: "Jumamosi Desemba 12, usiku, imeshikwa kwa jina lako hadi Jumatano saa 10 alasiri. Oda namba 47. Bila malipo ya awali kufikia saa hiyo, tarehe inaachiwa." Anayekuja nyuma yake haambiwi kwamba imejaa. Anaambiwa imeshikwa mpaka Jumatano saa kumi, na jina lake linaandikwa la pili chini ya lile la kwanza. Saa ikifika bila fedha, karani humpigia huyo wa pili kabla ya kupokea mtu wa tatu. Wateja huvumilia jibu la namna hiyo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa wana saa ya kusubiri.

Swali linalofuata ni nani ashike hiyo penseli. Hapa ndipo wamiliki wengi huyumba, kwa kutaka kila mpokeaji awe na uwezo wa kutoa tarehe ili mteja asikimbie. Wapokeaji wanaweza kuwa watano, lakini kalamu iwe moja. Mhasibu akipata ujumbe, au mwenye ukumbi akipigiwa kanisani, jibu lake kwa mteja ni kwamba anaulizia kitabuni na atarudi ndani ya dakika kumi. Kisha anampigia mshika kalamu, na swali lake si "ipo?" bali "nishikie". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti yote katika mkasa wa hapo juu. Mwenye ukumbi alipouliza "ipo?" alipata habari. Angesema "nishikie Desemba 12 kwa jina la fulani", karani angelazimika kuandika, na kamati ya kwanza ingeambiwa ukweli Jumatano au hata kabla.

Mshika kalamu naye huugua, huenda mazishini, huwa na siku ya mapumziko. Kaunta buku hukabidhiwa mtu mmoja mwingine, mkono kwa mkono, na makabidhiano huandikwa kwa tarehe na saa. Kisichokubalika ni nakala. Mwenye ukumbi anayeondoka na picha ya ukurasa wa Desemba kwenye simu yake ameondoka na habari za jana. Picha hiyo itamwambia Jumamosi ni nyeupe wiki moja baada ya kuuzwa. Vilevile kalenda ya ukutani yenye alama za kalamu nyekundu na shajara ya mhasibu zichomwe, au zibaki za kuandikia mambo mengine. Ukumbi wenye madaftari mawili ya oda hauna daftari hata moja.

Namna kitabu kilivyochorwa nayo ina uzito. Kaunta buku nyingi huandikwa kwa mfuatano wa wateja walivyokuja: huyu Desemba 12, anayefuata Oktoba 3, wa tatu Januari. Ili kujua kama Desemba 12 ipo, karani lazima asome kurasa zote, na jicho lililochoka huruka mstari. Kitabu cha oda huchorwa mapema kwa mfuatano wa siku zenyewe. Kila siku ya mwaka ina mstari wake, na mstari umegawanywa vipindi viwili, mchana na usiku. Kisanduku kimoja kinatosha jina moja. Kuuza mara mbili kunalazimu mtu aandike juu ya jina la mwenzake, jambo ambalo mkono wenyewe hulikataa.

Sherehe pia haianzi mteja anapoingia. Mpambaji wa harusi ya Jumamosi hutaka ukumbi tangu asubuhi, na mapambo makubwa hutaka Ijumaa usiku. Mwenye ukumbi aliyeuza kicheni pati ya Ijumaa usiku itakayoisha saa sita, na harusi ya Jumamosi ambayo mpambaji wake aliahidiwa kuingia Ijumaa saa mbili usiku, ameuza ukumbi mara mbili ingawa tarehe zinatofautiana. Hivyo kipindi cha mapambo nacho huandikwa kwenye kisanduku chake, na kina bei. Mteja asiyetaka kulipia Ijumaa usiku huambiwa mapema kwamba mpambaji ataingia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

Makosa mengine huzaliwa na lugha. Mtu wa pwani akisema "usiku wa Ijumaa" huenda ana maana ya Alhamisi baada ya jua kutua, kwa kuwa kwa hesabu ya zamani siku huanza magharibi. Karani aliyekulia bara ataandika Ijumaa. "Jumamosi ijayo" kwa mmoja ni ya wiki hii, kwa mwingine ni ya wiki ijayo. "Idi Pili" si tarehe kabisa mpaka mwezi uandame. Mteja aliyeshika Idi Pili na mwingine aliyeshika tarehe ya kalenda wanaweza kukutana mlangoni usiku mmoja. Anayetaka Idi auziwe siku mbili zinazofuatana, moja ikiachiwa mwezi ukionekana, au achague tarehe ya kalenda na kukubali lolote.

Saa nayo ina mtego wake kwa wanaotumia kalenda za simu. Saa mbili usiku ikiandikwa 2:00 kwenye simu inayohesabu saa kwa mtindo wa Kizungu, sherehe itakaa saa nane. Kinga ya haya yote ni kumrudishia mteja maneno yake kwa ukamilifu: jina la siku, tarehe, mwezi, mwaka, na kipindi. Jina la siku lisiachwe. Mteja akisema Jumamosi ya Desemba 13 na kitabu kikaonyesha 13 ni Jumapili, kosa limekamatwa hapo hapo.

Upande wa fedha, simu za mkononi zimeleta desturi mpya. Mteja mwenye haraka hutuma malipo ya awali kwanza ili kuiteka tarehe, halafu ndipo anauliza. Utaratibu unaofaa ni kwamba fedha hainunui tarehe. Kinachonunua tarehe ni namba ya oda, na namba hiyo hutoka kitabuni peke yake. Malipo yote yaende kwenye Lipa Namba moja ya ukumbi, si kwenye simu ya mwenye ukumbi wala ya mhasibu, na mteja atume ujumbe wenye namba ya oda mara akishalipa. Fedha iliyoingia bila namba ya oda hutafutiwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Kama tarehe imeshachukuliwa, hurudishwa siku hiyo hiyo, kabla mlipaji hajaanza kuchapa kadi.

Makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi, ambayo sasa yako karibu kila ofisi, yanafaa kupashana habari lakini si kitabu. Ujumbe hupangwa kwa saa ya kutumwa, si kwa siku ya sherehe, na baada ya wiki mbili za "asanteni" na picha za mapambo hakuna atakayeiona Desemba 12 aliyoiandika mwenzake. Tena, mtandao ukikatika, ujumbe wa "nimeitoa Desemba 12" hubaki na alama ya saa kwenye simu ya mwandishi huku wenzake wakiendelea kuuza. Anayetuma ombi kundini asilihesabu limekubaliwa mpaka mshika kalamu ajibu kwa namba ya oda. Alama mbili za kufika hazitoshi.

Kwa mwenye kumbi mbili au tatu zilizo mitaa tofauti, kaunta buku haifiki kote, na jedwali la Google Sheets linaweza kushika nafasi yake. Kanuni haibadiliki. Wapokeaji wote wapewe ruhusa ya kutazama, yaani Viewer, na mshika kalamu peke yake apewe Editor. Wakipewa wote Editor, wawili wanaweza kuandika kwenye kisanduku kimoja, na linalobaki ni la aliyeandika mwisho, bila jedwali kupiga kelele. Kalenda ya kawaida ya simu ni mbaya zaidi, maana inapokea sherehe mbili saa ile ile bila kukataa. Ukiandika safu ya A kwa tarehe na kipindi pamoja, mfano 2026-12-12-U kwa usiku, kanuni hii ikiwekwa kwenye Conditional formatting itapaka rangi mistari inayogongana:

```
=COUNTIF($A:$A,$A2)>1
```

Kwa mwenye kumbi mbili, herufi ya ukumbi huongezwa mwishoni, vinginevyo kumbi zote zitaonekana zinagongana. Rangi hiyo ni kengele tu, haizuii. Wala haitaona kitu kama mmoja ameandika -U na mwingine ameandika -U akiongeza nafasi tupu mwishoni. Umeme ukikatika au salio la intaneti likiisha, kazi irudi kwenye simu ya mshika kalamu, si kwenye kumbukumbu ya mtu.

Kila Jumatatu asubuhi mhasibu akae na vitu vitatu: kitabu cha oda, vishina vya risiti, na taarifa ya Lipa Namba ya wiki iliyopita. Kila malipo ya awali yawe na namba ya oda, kila namba ya oda iwe na mstari wa wino, na kila mstari wa wino uwe na malipo. Malipo 9 na mistari ya wino 8 ni dalili kwamba kuna tarehe iliyouzwa nje ya kitabu. Kazi hii huchukua kama nusu saa, nayo ndiyo inayoamua bei ya kosa. Mgongano uliogunduliwa siku tano baada ya malipo, kadi hazijachapwa, humalizwa kwa simu ya kuomba radhi, kurudisha fedha yote, na pengine kumpunguzia mteja bei ya Jumamosi nyingine. Uliogunduliwa wiki ya harusi huishia kwenye ile hesabu ya milioni 2, au kituo cha polisi.

Ukigundulika, anayebaki na ukumbi ni mwenye namba ya oda ya mwanzo, si mwenye maneno makali wala aliyeongeza fedha. Ofisi ikimpa aliyeongeza, kila mteja atajifunza kwamba wino hauna maana, na penseli zitaanza kupuuzwa. Anayehamishwa aambiwe na mwenye ukumbi mwenyewe, siku hiyo hiyo, akiwa tayari na majina ya kumbi mbili zilizo wazi na ahadi ya kulipa tofauti ya bei.

Mwekezaji mdogo anayealikwa kununua hisa katika biashara ya ukumbi afanye jambo moja kabla ya kutazama viti na jenereta. Aombe kitabu cha oda cha miezi sita ijayo na taarifa ya fedha ya kipindi hicho, akae saa moja kuvilinganisha. Malipo ya awali yaliyomo kwenye akaunti bado ni mali ya wateja mpaka usiku wa sherehe upite, na Jumamosi yenye majina mawili ni deni ambalo muuzaji hatalitaja. Akiambiwa kwamba oda ziko kwenye simu ya bosi, bei ya hisa hizo ishuke kwanza ndipo mazungumzo yaendelee.